Shombo Si ya Fangasi

Kwenye duka la dawa la mtaani, ombi hili husemwa kwa sauti ya chini. Dada anasubiri wateja wengine waondoke, anaegemea kaunta, ananong'ona: "Nipe ile ya fangasi." Muuzaji haulizi kitu. Anavuta droo, anatoa kidonge cha kuingiza ukeni, anakifunga kwenye gazeti, na shughuli imeisha kabla mteja mwingine hajaingia.

Tatizo liko kwenye lile neno. Kwetu siku hizi kila muwasho wa sehemu za siri ni fangasi, na usipokuwa fangasi basi ni UTI. Wako wanaonunua dawa sahihi kwa bahati. Wengine hutibu kwa miezi ugonjwa ambao hawana.

Tuchukue mfano wa dada mmoja, tuseme anaitwa Zawadi. Jino lilimsumbua, akapewa amoksilini ya siku saba. Siku ya tano akaanza kuwashwa ukeni, na usiku ndipo muwasho ulipozidi. Akaona ute mweupe, mzito, wenye mabonge kama maziwa mgando. Mashavu ya uke yalivimba na kuwa mekundu, na mkojo ukigusa hapo unachoma kama ndimu kwenye mkwaruzo. Harufu hakusikia yoyote. Akanunua klotrimazoli ya miligramu 500, akaiweka mara moja wakati wa kulala, na siku chache baadaye alikuwa mzima.

Hapo alipatia, na sababu inaeleweka. Uke wa mwanamke mwenye afya una bakteria wake wa ulinzi, laktobasili, wanaotengeneza asidi na kuyafanya mazingira yawe makali kwa wadudu wengine. Fangasi anayeitwa kandida naye mara nyingi yumo humo humo, kimya, bila kumdhuru mtu. Ile amoksilini haikuchagua: iliua bakteria wa jino, ikaua na walinzi wa uke. Kandida hauawi na antibayotiki, kwa hiyo akabaki peke yake uwanjani akazaliana. Mimba nayo humstawisha, kama ilivyo kwa kisukari kisichodhibitiwa na kinga iliyoshuka. Ndiyo maana fangasi kwa kawaida hahesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa, na mume asiye na muwasho hana haja ya kutibiwa.

Huo uchomaji wa mkojo ndio unaowachanganya wengi na UTI. Mwenye fangasi huumia nje, pale mkojo unapopita kwenye ngozi iliyochubuka. Mwenye UTI maumivu yako ndani ya njia ya mkojo, na hukimbilia chooni kila mara kutoa matone mawili.

Miezi mitatu baadaye Zawadi akawashwa tena. Akarudi kwenye kaunta ile ile na neno lile lile. Safari hii kidonge hakikufua dafu. Akaongeza cha kumeza, flukonazoli ya miligramu 150. Nacho kikashindwa. Shoga yake akamshauri aingize punje ya kitunguu saumu, akafanya hivyo, akaungua. (Kitunguu saumu huunguza ngozi laini; tukiache jikoni.) Wiki ya tatu akaenda kituo cha afya.

"Shikamoo, nesi. Fangasi yangu imekuwa sugu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, uchafu unaotoka sasa unafanana na ule wa mwanzo?"

Zawadi akafikiri. "Hapana. Huu mwepesi, kama wa njano, una povu. Na unanuka."

"Unanukaje?"

"Shombo. Kama samaki."

Jibu hilo lilitosha kumtilia nesi shaka. Fangasi anawasha, anachubua, anatoa mabonge, lakini hanuki shombo. Shombo huelekeza kwenye magonjwa mawili mengine. La kwanza ni bakteria wa ukeni waliopita kiasi baada ya laktobasili kupungua: ute mwepesi wa kijivu au mweupe kama maji ya wanga, harufu inayozidi baada ya tendo la ndoa, muwasho kidogo au hamna kabisa. La pili ni trikomona, mdudu mdogo sana anayeambukizwa kwa kujamiiana: muwasho mkali, ute wa njano au kijani, mara nyingine na povu. Dawa za fangasi haziyatibu yote mawili. Dawa yake ni metronidazoli, ambayo nayo haimwui kandida.

Lakini macho na pua peke yake hukosea, hata za mtaalamu, tena mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Kwa hiyo nesi akachukua ute kwa kijiti cha pamba. Kwanza akaugusisha karatasi ya kupima asidi. Uke wa kawaida huwa chini ya 4.5, na fangasi kwa kawaida habadilishi hapo. Ya Zawadi ilisoma 6, jambo la kawaida kwa trikomona na kwa wale bakteria. Maabara, ute ule ukagawanywa kwenye vioo viwili. Kimoja kikadondoshewa tone la potasiamu haidroksaidi. Tone hili napenda ujanja wake, kwa kuwa hujibu maswali mawili: huyeyusha seli za mwili na kuziacha nyuzi za fangasi zionekane peke yake, kama zipo, na kwa wale bakteria hufumua harufu ya shombo pale pale. Nyuzi hazikuonekana. Kioo cha pili kikawekewa maji ya chumvi na kutazamwa mara moja kwenye hadubini, maana trikomona hutambulika kwa kujirusharusha na akipoa hutulia. Walionekana. Wasingeonekana, isingekuwa hakika kwamba hawapo, kwa sababu hadubini huwakosa mara nyingi.

Akapewa metronidazoli ya siku saba, na mume wake akatibiwa kipindi hicho hicho ingawa hakuwa na dalili yoyote. Wanaume wengi hawana. Trikomona anaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kujionyesha, kwa hiyo kipimo hakisemi nani alimleta wala lini. Naliandika hili kwa makusudi, kwa sababu nyumba zimevunjika kwa karatasi ya maabara iliyosomwa vibaya.

Fangasi wa kweli naye anaweza kurudi. Akikurudia mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, acha kununua kidonge kimoja kimoja. Pima sukari, pima VVU, na uombe ute uoteshwe maabara ili ijulikane ni aina gani ya kandida, kwa kuwa zipo aina zinazoishinda flukonazoli. Mjamzito asimeze flukonazoli bila daktari. Kwake hutumika klotrimazoli ya kuingiza, kwa siku saba. Na kuosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa ya kuua vijidudu ni kuwaondoa wale walinzi kwa mkono wako mwenyewe. Maji safi, nje tu.

Maumivu ya tumbo la chini, homa, vidonda au damu isiyo ya hedhi ni vya hospitali siku hiyo hiyo. Kwa yaliyobaki, ukienda kupima usiweke dawa yoyote ukeni siku mbili tatu kabla, usioshe ndani, na mwambie mpimaji kila ulichokwisha kutumia, hata kile kitunguu saumu.