Mahitaji Yanapohama: Bei na Kiasi cha Karafuu

Bei ya msawazo ni ile ambayo kwayo kiasi wanachotaka wanunuzi kinalingana na kiasi wanachotaka kuuza wauzaji. Bei ikiwa juu ya hapo, mzigo hulala ghalani na wauzaji hulazimika kulegeza. Ikiwa chini ya hapo, wanunuzi hugombania kidogo kilichopo na bei hupanda. Soko hutulia pale tu ambapo hakuna upande wenye sababu ya kuisukuma bei tena.

Katika hesabu hii, mahitaji si kiasi kimoja. Ni orodha nzima inayoonyesha, kwa kila bei inayowezekana, kiasi ambacho wanunuzi wangechukua. Ugavi nao ni orodha ya namna hiyo kwa upande wa wauzaji. Zikichorwa, bei ikiwa kwenye mstari wa wima na kiasi kwenye mstari wa ulalo, mstari wa mahitaji huteremka kuelekea kulia, wa ugavi hupanda, na msawazo huwa pale inapokutana. Mahitaji huhama pale orodha nzima inapoandikwa upya kwa sababu isiyo bei ya bidhaa yenyewe: wanunuzi wameongezeka, kipato kimebadilika, mazoea yamegeuka, au bidhaa mbadala imepanda au kushuka bei.

Zao la karafuu linaonyesha jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida. Katika miaka ya 1970 mnunuzi mkuu wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, nchi ambayo ndiyo asili ya mkarafuu wenyewe. Karafuu hizo zilikwenda kwenye viwanda vya kreteki, sigara za tumbaku iliyochanganywa na karafuu, ambazo Wajava walikuwa wakizivuta tangu karne ya 19. Viwanda hivyo vilipoanza kutumia mashine za kusokota sigara, uzalishaji ulikua haraka, na mashamba ya Indonesia hayakutosha kuvilisha. Kwa bei ileile ya zamani, wanunuzi sasa walitaka karafuu nyingi zaidi. Huko ndiko kuhama kwa mahitaji.

Kinachofuata kinaeleweka vizuri zaidi kwa tarakimu za kubuni. Tuseme katika soko dogo la karafuu bei ni shilingi 10,000 kwa kilo, na kwa bei hiyo wanunuzi wanataka tani 20 na wauzaji wanatoa tani 20. Kila bei inapopanda kwa shilingi 1,000, wanunuzi hupunguza tani 1 na wauzaji huongeza tani 2. Kisha mahitaji yanahama: kwa kila bei, wanunuzi sasa wanataka tani 9 zaidi ya zamani.

Kwa bei ya 10,000, wanunuzi wanataka tani 29 ilhali zilizopo ni 20. Pengo ni tani 9. Mnunuzi anayehofia kurudi mikono mitupu huongeza dau, na bei huanza kupanda. Kila shilingi 1,000 inayoongezeka hulipunguza pengo kwa pande zote mbili: wauzaji huleta tani 2 zaidi na wanunuzi huacha tani 1, jumla tani 3. Pengo la tani 9 huzibwa kwa hatua tatu kama hizo. Bei hutulia kwenye 13,000 na kiasi kwenye tani 26. Vyote viwili vimepanda, lakini kiasi hakikuongezeka kwa tani zote 9 zilizotakiwa. Tani 3 zilizokosekana ni za wanunuzi ambao wangenunua kwa bei ya zamani na wakaiona bei mpya kuwa ghali.

Hapa ndipo hoja moja potofu huzuka mara kwa mara. Mahitaji yakipanda, bei hupanda; bei ikipanda, mahitaji hupungua; mahitaji yakipungua, bei hushuka; basi kila kitu hurudi kilipoanzia. Kosa liko katika hatua ya pili. Bei ya 13,000 haikuifuta orodha mpya. Imewasogeza tu wanunuzi ndani ya orodha hiyohiyo, kutoka tani 29 hadi tani 26. Mstari umebaki pale ulipohamia, na kinachosogea ni nukta juu yake. Ili bei irudi kwenye 10,000, mstari wenyewe ungepaswa kurudi nyuma, na kupanda kwa bei hakuna uwezo huo.

Katika mfano huu nguvu ya mahitaji imegawanyika: sehemu imekwenda kwenye bei, sehemu kwenye kiasi. Anayeamua mgawanyo huo ni ugavi, na ugavi wa karafuu hutegemea muda uliopita tangu mahitaji yalipohama. Kama ni leo tu, hakuna kilo ya ziada itakayopatikana kwa sababu ya bei nzuri; zipo tani 20 na basi. Wauzaji hawaongezi chochote, na kila shilingi 1,000 huziba pengo kwa tani 1 tu, ile inayoachwa na wanunuzi. Inabidi bei ipande hatua tisa, hadi 19,000, na kiasi kibaki tani 20. Kwa kweli karafuu kavu huhifadhika, na aliye na akiba ghalani huweza kuitoa, kwa hiyo hali halisi huwa nafuu kidogo kuliko hiyo.

Katika msimu mmoja mambo hulegea. Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, kabla tumba halijafunguka kuwa ua. Bei ikiwa duni, matawi ya juu huachwa na mikarafuu iliyo mbali na njia haifikiwi. Bei ikipanda, mwenye shamba anaweza kuwaongezea wachumaji malipo kwa kila pishi, na mti uleule ukatoa zaidi. Huo ndio ugavi wa mfano wa kwanza, wenye msawazo wa 13,000 na tani 26.

Kwa miaka mingi, ugavi huwa laini zaidi, kwa sababu sasa miche mipya inaweza kupandwa. Lakini mkarafuu huchukua kama miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, na zaidi ya hapo kufikia uzazi kamili. Tuseme muda huo umepita, na kila shilingi 1,000 sasa huvuta tani 8 za ziada badala ya 2. Pengo hupungua kwa tani 9 kwa hatua, na hatua moja inatosha: bei 11,000, kiasi tani 28. Mahitaji yamehama mara moja tu, kwa kiasi kilekile, na yametoa misawazo mitatu: 19,000 na tani 20, kisha 13,000 na tani 26, kisha 11,000 na tani 28.

Ni kama maji ya bamvua yanapojaa. Maji yakiingia katika hori jembamba lenye kingo za mwamba, hayana pa kutandaa. Hupanda juu kwa haraka, na alama yake huonekana mbali ukutani. Maji kiasi kilekile yakiingia kwenye ufuo wa mchanga ulio bapa, hupanda kidogo tu na kuenea mbali hadi kwenye mikoko. Kimo cha maji ndiyo bei, uenezi wake ndicho kiasi, na umbo la pwani ndio ugavi. Anayetazama kimo peke yake hawezi kujua maji yaliyoingia ni mengi kiasi gani. Sharti aijue na pwani. Tofauti ni kwamba pwani ya soko haikai ilivyo. Siku ya kwanza ni kingo za mwamba, msimu ukiisha ni mteremko, na miche ikishazaa ni ufuo bapa. Ndiyo maana bei huruka juu kuliko itakakotulia, kisha hushuka taratibu ilhali kiasi kinaendelea kukua. Mchumi Mwingereza Alfred Marshall aliupanga uchambuzi wa soko kwa vipindi vya muda namna hii katika kitabu chake cha 1890, akitumia mfano wa soko la samaki.

Mahitaji yakipungua, hesabu hugeuka, ila kwa kasoro moja. Mti uliokwisha kupandwa haupanduliki. Indonesia ilihimiza upanzi wake wa mikarafuu, na katika miaka ya 1980 ikafikia kujitosheleza. Mnunuzi mkuu akatoka sokoni, na Zanzibar ikabaki na mikarafuu iliyojaa. Bei ya dunia, iliyokuwa karibu dola 9,000 kwa tani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilianguka chini ya dola 1,000 katikati ya miaka ya 1990. Kiasi kilishuka polepole zaidi: kwanza matawi ya juu yaliachwa, kisha palizi, kisha miti iliyokufa haikupandiwa mingine.

Namna ya kutambua kama kilichohama ni mahitaji au ugavi ni kutazama bei na kiasi kwa pamoja. Vikisogea upande mmoja, vyote juu au vyote chini, mahitaji ndiyo yaliyohama. Vikipishana, bei chini na kiasi juu au kinyume chake, kilichohama ni ugavi. Kisa cha karafuu kinapita mtihani huo kwa namna ya pekee. Zanzibar, bei na mavuno vilianguka pamoja, alama ya mahitaji kupungua. Kwa dunia nzima, pamoja na Indonesia, bei ilishuka huku karafuu zikiongezeka, alama ya ugavi kukua. Hakuna mgongano: miche mipya ya Indonesia ilikuwa ugavi katika soko la dunia, na kwa muuzaji wa Zanzibar ilikuwa bidhaa mbadala iliyomnyang'anya mteja.

Mtihani huo hufaa pale mstari mmoja tu unapohama. Ikihama yote miwili, kimoja kati ya bei na kiasi hubaki bila jibu hadi ijulikane upi umehama zaidi. Pia bei inayopimwa sharti iwe imeondolewa mfumuko. Na bei ikiwekwa kwa amri, kama Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, mnunuzi pekee wa kisheria, lilivyomwekea mkulima bei, mahitaji ya nje yakipanda hayamfikii mkulima kama bei. Tofauti kati ya bei ya shirika na ya nje hubaki wazi, na sehemu ya karafuu huifuata bei ya nje kwa magendo.