Soda Haina Deni

Kijana anayekulia Busawe, au katika kijiji chochote cha Serengeti na Tarime, husikia tangu utotoni hesabu ya ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya dada yake, shangazi yake na mama yake mwenyewe, wangapi walitoka, wangapi wamebaki, na nani bado anadai. Na kwa kuwa masikio ya mtoto huokota zaidi ya yale aliyokusudiwa kuyasikia, si ajabu akafika umri wa miaka 16 na dhana moyoni mwake, ambayo hakuna mzee aliyemfundisha kwa maneno, kwamba mwenye kutoa ana haki ya kupewa. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka kuitazama leo, kwa sababu katika mashauri ya vijana niliyoyasikiliza, ugomvi mwingi ulianza na kitu kidogo kilichotolewa kwa mapenzi, kisha kikadaiwa kama mkopo.

Natuchukue mfano wa kubuni, ila usiokuwa mgeni kwa yeyote aliyewahi kutembea mnadani. Mvulana wa kidato cha tatu amempenda msichana wa darasa lake. Siku ya mnada anamnunulia soda na maandazi mawili, naye msichana anapokea, anashukuru, anakunywa. Kesho yake, wakati wa kutoka shuleni, mvulana anamfuata njiani mbele ya rafiki zake, anauchukua mkoba wake ili ambebee, kisha anamshika mkono. Msichana anacheka kidogo, hasemi kitu, anaongeza mwendo. Rafiki wa mvulana wanapiga kelele za kumshangilia. Jioni mvulana anakwenda kulala akiamini kwamba amekubaliwa, na msichana anakwenda kulala akiwaza atapita njia ipi kesho.

Je, ridhaa ilipatikana wapi katika kisa hiki? Mvulana atajibu kwamba ilipatikana kwenye soda. Hapo yafaa kuitazama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ingawa iliandikwa kwa ajili ya wakubwa, ina kifungu kimoja, cha 71, kinacholielezea jambo hili kwa namna ambayo hata mtoto aweza kuifahamu. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mtu aliyetoa zawadi kwa kutarajia ndoa, na ndoa isifungwe, aweza kwenda mahakamani kudai arudishiwe, ila tu ikiwa mahakama imeridhika kwamba alipoitoa alikusudia iwe na sharti la ndoa kufungwa. Kama haikuwa hivyo, hana dai. Tazama vema yaliyomo humo. Zawadi iliyotolewa bila sharti imekwisha toka mkononi mwa mtoaji, wala haimfuati aliyepewa. Na hata ile yenye sharti, kinachoweza kudaiwa ni kitu chenyewe, yaani ng'ombe, kitenge au fedha. Mtu mwenyewe hadaiwi. Ikiwa ng'ombe aliyetolewa mbele ya wazee na mashahidi hana nguvu ya kumfunga binadamu, sijui soda moja itapata wapi nguvu hiyo.

Basi mvulana huyo aliulizwa, tuseme, na mjomba wake: 'Ulipompa soda ulimwambia kesho utamshika mkono?' Akajibu, 'La, mjomba, lakini alijua.' Katika neno hilo 'alijua' ndimo ilimo hitilafu yote. Yeye alifanya mapatano na mtu ambaye hakuwapo kwenye mapatano.

Kifungu cha 16 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba ndoa haifungwi ila kwa ridhaa ya kila mmoja wa wawili, iliyotolewa kwa hiari, kisha chaeleza hali ambazo ridhaa, hata ikitamkwa kwa kinywa, huhesabiwa kuwa haikutolewa: mtu akiwa ameshurutishwa au amehadaiwa, akiwa amekosea kufahamu ni shughuli gani inayofanywa, au akiwa ana maradhi ya akili au amelewa, hata asiweze kuelewa vema jambo lililo mbele yake. Mimi huwaambia vijana waitumie mizani hii kwa mambo madogo kuliko ndoa, kama barua, kusindikizana na kushikana mikono, maana ikiwa wakubwa wenye mashahidi na siku za matangazo wanahitaji ulinzi huo, wadogo walio peke yao njiani wanauhitaji zaidi.

Tuipime njia ya shule kwa mizani hiyo. Shuruti si lazima iwe fimbo. Rafiki wanne waliosimama nyuma wakipiga kelele ni shuruti, kwa kuwa msichana akikataa atachekwa, na mkoba wake umo mikononi mwa mwingine, hawezi kuondoka akauacha. Kukosea kufahamu nako kulikuwapo: yeye alipokea soda kama mwanafunzi apokeavyo kwa mwenzake, mwenzake akaitoa kama posa. Na kule kucheka? Wako wasemao kwamba kunyamaza ni kukubali, na msemo huo una mahali pake baina ya watu waliokwisha kuzoeana. Lakini mwili wa binadamu, ukishtushwa au ukitiwa haya, mara nyingi hukakamaa, ulimi hupotea, na kicheko kifupi hutoka bila furaha yoyote ndani yake. Alama ya kweli ilikuwa miguuni: aliongeza mwendo. Mwenye kupendezwa na mwenzake hupunguza mwendo.

Majirani zetu Wasukuma walikuwa na desturi iitwayo chagulaga, ambapo vijana wa kiume humzunguka msichana na kumtaka amchague mmoja wao. Jina lenyewe lamaanisha 'chagua', na juu juu laonekana kuwa ni heshima kubwa kwa binti, kwamba yeye ndiye mwenye uamuzi. Lakini katika duara hilo liko jibu moja lisilokuwamo, nalo ni 'simtaki yeyote kati yenu, niacheni nipite.' Hiari, neno tulilolirithi kutoka Kiarabu, asili yake ni kuchagua. Na uchaguzi usiokuwa na mlango wa kutokea hauwezi kuitwa hiari, hata waulizaji wawe kumi na waulize kwa adabu. Natoa mfano huu kwa sababu wavulana wengi hudhani wamekwisha kuomba ridhaa kwa kuwa wameuliza swali, kumbe swali lao lilikuwa 'lini?' au 'wapi?', na lile la kwanza, 'je, wataka?', wameliruka.

Lugha yetu ina maneno mawili ya shina moja ambayo yanafaa kutenganishwa hapa. Kuridhia ni kutoa idhini. Kuridhika ni kuona raha na jambo lenyewe. Mtu aweza kuridhia pasipo kuridhika: kwa kuona haya, kwa kumstahi aliyemwomba, kwa kuchoshwa na maombi ya siku kumi mfululizo. Mapenzi ya vijana yanayostahili jina hilo yanahitaji yote mawili, tena pande zote mbili, na la pili halifichiki. Anayetaka kusindikizwa hungoja kwenye kona. Anayefurahia barua hujibu, na katika jibu lake hutia swali, ili apate kujibiwa tena. Anayejibu 'ndiyo' moja, kisha 'sawa', kisha kimya, amekwisha sema alilotaka kusema. Na neno 'nitafikiria' lichukuliwe kama lilivyo: ni 'la' mpaka yeye mwenyewe atakapolifungua, wala halitumiwi rafiki wala dada mdogo kwenda kuuliza lina maana gani. Hayo nayasema kwa pande zote, kwani nimewaona pia wavulana, hasa waliotoka jandoni karibuni, wakisukumwa na wenzao waonekane na mchumba ilhali mioyo yao bado iko kwenye mpira. Mvulana akifuatwa na msichana asiyemtaka ana haki ile ile ya kukataa, wala uanaume haumnyang'anyi.

Ridhaa ya mtu haiazimwi. Hili limewahi kupiganiwa mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi. Sheria ile ya 1971, pamoja na wema wake wote, iliruhusu katika vifungu vya 13 na 17 msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi, na wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, hali mvulana, pasipo ruhusa hiyo ya mahakama, alitakiwa kufika miaka 18. Rebeca Gyumi alifungua shauri, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Kwa msichana wa Serengeti maana yake ni nyepesi kueleza: 'ndiyo' ya baba haiwezi kusimama mahali pa 'ndiyo' yake.

Uko pia mpaka ambao ridhaa haiuvuki hata ikitamkwa kwa sauti kubwa. Mtu mzima, awe mwenye pikipiki anayembeba mwanafunzi bure, au mwenye duka anayempa vocha, hawezi kujitetea kwamba mtoto alikubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Baina ya wawili ambao mmoja ana fedha, umri na chombo cha usafiri, na mwingine ana haja ya kufika shuleni, mizani imekwisha lala upande mmoja kabla swali halijaulizwa. Mwanafunzi anayepewa kitu na mtu wa namna hiyo, kisha akaambiwa kisiri asimwambie mtu, na amwambie mzazi au mwalimu anayemwamini siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mvulana wetu, ambaye tumemwacha na mjomba wake. Mjomba hakumkataza kupenda. Alimwambia kwanza aurudishe moyo wake nyuma mpaka siku ya soda, aihesabu soda ile kuwa imekwisha, kisha amngoje msichana mahali palipo wazi, bila rafiki, bila kumzibia njia, mikono yake mwenyewe ikiwa mifukoni, amwombe radhi kwa ya jana na kumwuliza kwa maneno yanayokubali majibu mawili: 'Ningependa tutembee pamoja mpaka njia panda, lakini kama hupendi, sema tu, nami sitakasirika.' Tena alimtahadharisha kwamba sentensi ile ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu italazimika kuwa kweli.

Msichana akafikiri, akasema watatembea, ila na dada yake awepo, na mkoba ataubeba mwenyewe. Wakaenda, wakizungumza habari za mwalimu wa hesabu, na walipofika njia panda yeye akasimama, akaaga, akakata kushoto. Mvulana alikuwa na maneno mengine mawili matatu aliyoyaandaa tangu usiku. Akayanyamazia, akashika njia ya kwao.