Mgeni Hakulala: Tumjibu Vipi?

Tuchukue gesti ya vyumba tisa mjini Moshi, yenye baa ng'ambo ya barabara. Jumamosi alfajiri simu ya mapokezi inapokea ujumbe: “Sikulala. Muziki mpaka saa nane, halafu watu wakapiga soga koridoni. Nimelipa 45,000 za nini?” Mwisho wa kukabidhi chumba ni saa nne asubuhi, kwa hiyo jibu likichelewa, mgeni atakuwa ameshafunga mizigo.

Kabla ya kuandika, muulize mlinzi. Yeye ndiye aliyekuwa macho, na maelezo yake yatakuonyesha kwamba malalamiko haya ni mawili. Kelele za koridoni ni zenu. Za baa si zenu, na huna uwezo wa kuzizima. Anayezijibu zote kwa sentensi moja huishia kukana lililo lake au kuahidi asiloliweza.

Mimi ningeandika hivi:

“Habari za asubuhi, dada. Pole sana kwa usiku wa jana. Nimezungumza na mlinzi; ni kweli watu walikaa koridoni karibu na chumba chako, naye hakuwaondoa. Hilo ni kosa letu, tunaomba radhi. Leo kuanzia saa nne usiku hataruhusu mtu kukaa pale. Muziki unatoka baa ya jirani na leo utapigwa tena, hivyo vyumba vya mbele siwezi kukuahidi utulivu. Chumba namba 8 kiko nyuma, na kitakuwa tayari saa sita mchana. Bei ni ileile, na kwa usiku wa jana tunakurudishia 15,000. Tukuhamishie mizigo?”

Jibu hili linataja koridoni kwa sababu yeye mwenyewe aliitaja, na hapo anajua amesikilizwa. Ile kauli ya “samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza” inamuumiza, kwa kuwa inatia shaka kama usumbufu ulikuwepo. Mbaya zaidi ni kumwambia kwamba wageni wengine hawajalalamika. Hapo umemwita mwongo kwa adabu. Wala usitaje ni wa chumba gani waliokuwa wakizungumza. Nao ni wageni wako.

Fedha zitajwe kwa kiasi kamili, na mhudumu apate kwanza idhini ya mwenye gesti. Ahadi ya “tutakufikiria” humfanya mgeni arudi mapokezi kudai.

Chumba cha nyuma nacho kikaguliwe kabla hujakitoa. Mara nyingi jenereta au pampu ya maji huwekwa huko, na mgeni aliyehamishwa kutoka kelele za muziki akaamshwa na pampu saa kumi alfajiri hatapokea radhi ya pili. Akikataa kuhama na kutaka kuondoka, mrudishie malipo ya usiku uliobaki, umwitie bajaji.