Ukitoa akiba ya uzeeni ulipe karo au ununue nyumba, pensheni yako itapungua kiasi gani?

Barua ya sekondari imefika, karo inahitajika, na kwa simu yako kuna akiba ya uzeeni ambayo umekuwa ukiweka kidogo kidogo. Je, uiguse? Jibu linategemea aina ya akiba uliyo nayo, na bei halisi ya kuigusa.

Ni akiba gani inaweza kutolewa mapema?

Makato ya lazima ya NSSF hayatolewi kwa sababu ya karo. Lakini ukiwa kwa mpango wa hiari wa Haba Haba, ambapo unaweka kuanzia Sh25 kwa siku, unaruhusiwa kutoa hadi nusu ya michango yako baada ya kuchangia kwa miaka 5. Pesa hiyo ni yako, na unaweza kuilipia karo.

Tupige hesabu ya karo

Chukulia mwendesha boda mwenye miaka 30. Anaweka Sh50 kila siku, yaani Sh1,500 kwa mwezi. Akifika miaka 35, michango yake ni Sh90,000. Anatoa nusu, Sh45,000, na mtoto anaingia shule.

Wengi huona wamepunguza Sh45,000 tu. Sivyo. Tukadirie riba ni asilimia 8 kwa mwaka (hii ni ya mfano tu, riba halisi hubadilika kila mwaka). Kwa riba hiyo pesa hujizidisha mara mbili kila baada ya miaka 9 hivi. Ile Sh45,000 ingekuwa Sh90,000 akiwa na miaka 44, Sh180,000 akiwa na 53, na karibu Sh308,000 akifika 60. Ukigawanya hiyo kwa miaka 15 ya uzeeni, ni kama Sh1,700 kila mwezi ambazo hatazipata.

Ni kweli Sh308,000 ya wakati huo haitanunua vitu vingi kama leo, kwa sababu bei hupanda. Lakini hata Sh45,000 iliyotumika haiwezi kurudi na kuanza kuzaa tena.

Pengo linazibika, lakini usichelewe

Habari njema ni kwamba huyu mwendesha boda anaweza kuziba pengo lote. Akianza mara tu baada ya kutoa, anahitaji kuongeza karibu Sh12 kwa siku juu ya ile Sh50 yake, hadi afike miaka 60. Hiyo haimuumizi sana.

Akingoja hadi awe na miaka 45 ndiyo aanze, atahitaji kuongeza karibu Sh32 kwa siku. Pengo ni lile lile, ila miaka ya kuzaa riba imepungua. Kwa hivyo ukitoa, panga nyongeza siku hiyo hiyo. Kosa kubwa ni kutoa halafu kuacha kabisa kuweka, maana hapo unapoteza michango ya miaka 25 iliyobaki, si ile nusu peke yake.

Nyumba ina sheria yake

Kama uko kwa skimu ya pensheni ya mwajiri au ya binafsi, kanuni za mwaka 2020 zinakuruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yako kununua nyumba ya kuishi, lakini isizidi Sh7 milioni. Ukiwa tayari umestaafu, huwezi.

Tuseme una miaka 45 na mafao ya Sh1.5 milioni. Asilimia 40 ni Sh600,000. Kwa riba ile ile ya mfano, pesa hiyo ingekuwa karibu Sh1.9 milioni ukifika 60. Hata hivyo, hapa kuna tofauti na karo: nyumba inabaki. Jiulize kodi unayolipa sasa ni ngapi, na kama utaendelea kuilipa baada ya kustaafu. Ikiwa nyumba itakuondolea kodi ya Sh10,000 kwa mwezi, hiyo ni kama pensheni pia. Lakini ikiwa Sh600,000 haitoshi na utakopa kiasi kikubwa kumalizia, unaweza kustaafu ukiwa na deni na mafao yaliyopungua.

Jambo moja la kuchunga: pesa ya nyumba hulipwa kwa muuzaji, haitumwi kwa simu yako. Mtu akikupigia akisema atakutolea pensheni yako kwa simu ukituma "ada ya kufungua faili", huyo ni tapeli. Usitume, na usimpe PIN. Piga simu kwa skimu yako ukitumia namba iliyo kwenye taarifa yako ya mafao.

Kabla ya kutoa, omba taarifa hiyo ya mafao, tazama salio, kisha hesabu ni miaka mingapi imebaki ufike 60. Miaka ikiwa mingi, kila shilingi unayotoa leo inakugharimu zaidi, lakini pia una muda zaidi wa kuirudisha polepole.