Chai ya Moto na Kiingereza cha Mwanafunzi

Mwanafunzi ameandika: "The tea is enough cool to drink it." Makosa ni mawili. "Enough" hufuata kivumishi, "cool enough", ingawa kwa kawaida hutangulia nomino: "enough sugar". Anayekaa mbele ya kivumishi ni "too": "too hot".

Kosa la pili ni gumu kuliona, maana Kiswahili ndicho kinachomponza. Sisi husema chai imepoa kiasi cha kuinywa, na ile "i" ya katikati ndiyo anayoigeuza kuwa "it". Kiingereza hapa hakiitaki, kwa kuwa chai yenyewe ndiyo kiima: "The tea is cool enough to drink." Akiandika "too hot to drink", amekwisha kusema hainyweki, asitafute pa kuchomeka "not".