Treni ya Mbao Sakafuni: Mwanga Unavyouza Kichezeo

Matangazo mengi ya vichezeo hayana mtoto ndani yake. Kuna sakafu safi, zulia dogo, treni ya mbao juu ya reli yake, na mwanga unaomfanya mzazi ahisi kwamba chumba hicho ni salama. Mtoto huachwa nje ya picha kwa sababu za kawaida kabisa: hatulii, na sura yake haifai kutumika katika biashara bila ridhaa ya wazazi. Akishaondolewa, kazi ya kuonyesha furaha hubaki kwa mwanga.

Furaha hiyo hutokana zaidi na kivuli. Jua kali au flashi ndogo ikiipiga treni moja kwa moja, kivuli huwa cheusi chenye ukingo mkali, na hata rangi nzuri huonekana kavu. Chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa kuliko kichezeo, mwanga huja kutoka pande nyingi kwa pamoja na ukingo wa kivuli hulainika. Umbali nao una uzito: dirisha lililo mita moja kutoka kwenye treni ni chanzo kikubwa, lakini ukiisogeza treni hadi mwisho wa chumba, dirisha lile lile huwa chanzo kidogo na kivuli hukaza tena.

Tuseme mpiga picha ana treni ya injini moja na mabehewa matatu. Anaiweka karibu na dirisha, mwanga ukitokea kushoto na nyuma kidogo, kisha anatundika shuka jeupe dirishani ili kulainisha jua. Anazima taa zote za chumbani, kwa kuwa taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa mchana, upande mmoja wa treni hugeuka rangi ya chungwa, na kuusahihisha baadaye ni kazi ngumu. Upande wa kulia anasimamisha kartoni nyeupe na kuisogeza polepole mpaka magurudumu yaliyokuwa gizani yaonekane. Hapo anasimama. Akiendelea mpaka kivuli kipotee kabisa, treni itaonekana kama inaelea.

Rangi za chumba nazo huingia kwenye picha. Zulia jekundu hupaka wekundu chini ya behewa jeupe. Katika nyumba zetu za ukanda wa ikweta, jua la adhuhuri huwa juu sana, hivyo mwanga unaoingia dirishani mara nyingi umekwisha gonga uwanja: nyasi huongeza ukijani, udongo mwekundu huongeza wekundu. Karatasi nyeupe ikiwekwa kando ya treni katika picha ya majaribio, kasoro hiyo huonekana mara moja.

Kamera huwekwa chini, sentimita 20 au 30 kutoka sakafuni, kwenye stendi. Kwa kuwa hakuna kinachosogea, inaweza kupokea mwanga taratibu bila picha kutikisika. Kosa la wengi ni kuisogeza simu hadi karibu kugusa injini. Lenzi pana ikiwa karibu hivyo huvimbisha kilicho mbele na kukondesha mabehewa ya nyuma. Mteja hudhani treni ni kubwa, kisha anapokea kitu cha kutosha kiganjani. Ni afadhali kurudi nyuma na kutumia lenzi isiyo pana.

Tatizo hilo la ukubwa huwa zito zaidi pasipo mtu, maana hakuna mkono wa kulinganisha. Kandambili za mtoto au kitabu kando ya reli hutosha. Ila kila kinachoonekana kinaweza kudhaniwa kuwa kimo ndani ya boksi; kama daraja na miti vinauzwa peke yake, tangazo liseme hivyo.

Hatimaye kuna usalama wenyewe, ambao mwanga hauwezi kuuthibitisha. Chupa ya maziwa ikiwekwa karibu na treni yenye vipande vidogo, picha humwambia mzazi kwamba inamfaa mtoto mchanga. Nchini Marekani, vipande hupimwa kwa silinda ndogo yenye upana wa milimita 31.7: kinachoingia chote ndani yake bila kubanwa hakiruhusiwi katika vichezeo vya watoto walio chini ya miaka 3. Sheria ya huko ya mwaka 2008 inataka pia tangazo linalomwezesha mteja kununua moja kwa moja lionyeshe onyo la hatari ya kukabwa, pale onyo hilo linapohitajika kwenye boksi.

Basi mzazi unapovutiwa na picha ya namna hiyo, tafuta mambo matatu kabla ya kulipa: vipimo kwa sentimita, orodha ya vilivyomo na umri uliopendekezwa. Yakikosekana, muulize muuzaji. Na asipokuwa na jibu, usinunue.