Kijana Amerudi Ananuka Kanyanga: Uanzie Wapi?

Tuseme kijana wako wa miaka 15 ameingia saa tatu usiku, anayumba, ananuka kanyanga. Baba anashika fimbo, mama analia. Ngojeni kwanza.

Usiku huo usimuulize kitu. Mlevi hasikii, na kesho pengine hatakumbuka. Kazi yenu ni kumwangalia tu. Mlazeni ubavu, ili akitapika asipaliwe. Msimmwagie maji baridi. Kahawa nayo haitoi pombe mwilini, hata kama majirani wanasema inatoa. Akiwa haamki hata ukimfinya, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, mpelekeni zahanati usiku huo huo, na semeni wazi alichokunywa. Kanyanga ikiwa na methanoli, macho yanaweza kuanza kuona ukungu kesho yake. Hapo pia msingoje, maana anaweza kupofuka.

Kesho akishakula, ndipo muongee. Lakini si ndani ya nyumba! Nyumba zetu za turubai, jirani anasikia hata ukikohoa. Mwambie akusindikize kuchota maji, mzazi mmoja tu, bila wadogo zake. Anza hivi: “Jana nilikuona hauko sawa, nikaogopa. Hebu nielezee ilikuwaje.” Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi tunashindwa, tunamjibia wenyewe. Ukiuliza “Kwa nini umenitia aibu?” atajitetea au atadanganya. Ukiuliza “Ilikuwaje?” anaanza kusimulia.

Labda atasema: “Mama, huwa ninamchotea maji yule mama anayepika kanyanga. Hana pesa, ananilipa kikombe.” Sasa umejua mlango uko wapi. Fimbo isingekuonyesha. Unaweza kwenda kwa yule mama na baba yake, au na kiongozi wa mtaa, mumwambie asimtume tena mtoto wenu. Mwingine atakwambia anakunywa ili apate usingizi, maana usiku anaota mambo ya vita. Huyo shida yake siyo marafiki wabaya, anahitaji mshauri wa zahanati.

Kusikiliza siyo kuachilia. Mkishaongea, wekeni sheria moja inayopimika, kwa mfano kuwa nyumbani kabla giza halijaingia. Muulize yeye mwenyewe adhabu iwe nini akivunja. Mara nyingi vijana wanajipangia adhabu kali kuliko yako, wewe ipunguze. Baada ya wiki mbili mkae tena muone imeendaje.

Ila kama anakunywa kila siku, na asubuhi asipokunywa mikono inatetemeka na jasho linamtoka, maongezi peke yake hayatoshi. Msimfungie ndani aache ghafla, anaweza kupata degedege. Mpelekeni kwa daktari, aache akiwa anaangaliwa.